Namba ya Kwanza ya Mtoto Wako: 3 ya Nesi Huyu na 3 ya Nesi Yule

1.

Mama, chukua karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa wodi ya wazazi. Itazame vizuri. Chini ya uzito wa mtoto, au pembeni yake, kuna neno Apgar na namba mbili. Pengine 8 na 10. Pengine 9 na 10. Na wapo kati yenu wenye 3 na 8, ambao kila wakiitazama hiyo 3 roho inashtuka.

Inbox yangu imejaa hiyo 3. "Dada nesi, mwanangu alipata 3, je, akili yake itakuwa sawa?" "Dada, wifi yangu anasema wa kwake alipata 9, wa kwangu 6, nilikosea wapi?" Kujibu mmoja mmoja sitamaliza leo wala kesho, kwa hiyo mfululizo wa wiki hii ni wa hiyo namba: imetoka wapi, nani aliitunga, na kwa nini nesi wa Mbeya na nesi wa Mombasa wakiandika 3 tunategemea wamaanishe kitu kimoja.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kumpa mtoto namba, mtu yeyote anaweza. Kazi ni kuhakikisha watu wawili wasiojuana, wakimtazama mtoto yuleyule kwa wakati uleule, wanatoka na namba ileile.

2. Kabla ya namba kulikuwa na maneno

Turudi nyuma, miaka ya 1940, huko Marekani. Mtoto akizaliwa, macho ya wengi yalikuwa kwa mama. Mtoto alipewa mtu amfute na amfunike. Kama hakulia vizuri, kwenye faili liliandikwa neno moja kati ya matatu: amelegea kidogo, amelegea kiasi, amelegea sana.

Sasa niambie, "kiasi" ni kiasi gani?

Chukua wakunga wawili. Mmoja yuko zahanati ya kijijini, anazalisha akina mama wachache kwa mwezi, na wengi wao watoto hutoka wakilia. Mwingine yuko hospitali kubwa ya rufaa, anapokea kesi zote ngumu za mkoa. Mtoto yuleyule aliyelegea, wa zahanati ataandika "sana" kwa sababu hajazoea kuona hali hiyo. Wa rufaa ataandika "kiasi" kwa sababu jana usiku ameona mbaya zaidi. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anapima kwa kulinganisha na watoto aliowahi kuwaona yeye. Neno ni lilelile, ila mizani iko ndani ya kichwa cha mtu, na vichwa havifanani.

Wengine walijaribu kutumia saa. Walihesabu sekunde toka mtoto atoke mpaka avute pumzi ya kwanza, na sekunde mpaka alie. Angalau saa haina maoni. Lakini kuna mtoto anavuta pumzi moja mapema, halafu anakaa kimya dakika nzima au zaidi, hasa kama mama alipewa dawa nyingi za usingizi. Kwa hesabu ya saa mtoto huyo amefaulu. Ukimwangalia kwa macho, yuko hatarini. Kwa hiyo watu wote wangekubaliana juu ya namba, na namba yenyewe isingewaambia wanachotaka kujua.

Shika hayo mawili, tutayarudia: kipimo ambacho kila mtu anakielewa kivyake, na kipimo ambacho wote wanakubaliana nacho lakini hakigusi jambo lenyewe.

3. Daktari Virginia Apgar

Wengi tunadhani Apgar ni kifupi cha maneno fulani. Hapana. Ni jina la mtu, la ukoo wa baba yake.

Virginia Apgar alizaliwa mwaka 1909 huko New Jersey. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1933, na alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mkuu wake wa upasuaji alimshauri aachane na njia hiyo, akamwelekeza kwenye fani ya dawa za usingizi na ganzi, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa. Akaenda huko na akafika mbali: mwaka 1949 akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia ngazi hiyo katika chuo chake cha udaktari. Kuanzia hapo nguvu zake akazielekeza leba, kwenye ganzi na usingizi wa akina mama wanaojifungua.

Ona anavyosimama. Yeye si mkunga wala si daktari wa watoto. Ni mtu wa dawa ya usingizi. Swali lililokuwa likimsumbua ni hili: dawa ninayompa mama inamfanya nini mtoto? Kulijibu lazima awalinganishe watoto wa ganzi ya mgongo na watoto wa usingizi kamili, mamia kwa mamia, waliopokelewa na wahudumu tofauti, zamu tofauti. Kama "kiasi" cha zamu ya usiku si "kiasi" cha zamu ya asubuhi, ulinganisho wote ni bure.

Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo wa 1949, asubuhi wakipata kifungua kinywa kwenye kantini ya hospitali, mwanafunzi mmoja wa udaktari alimuuliza mtoto mchanga anapimwaje hali yake. Akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu, akaandika vitu vitano, kisha akaondoka moja kwa moja kwenda leba kuvijaribu. Mwaka 1952 akavipeleka kwenye mkutano wa wataalamu wa usingizi, na mwaka 1953 vikachapishwa.

4. Jinsi alivyochagua

Hadithi ya kantini ni tamu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchagua. Kwenye andiko lake la 1953 anaeleza kwamba waliorodhesha dalili zote za mtoto wakati wa kuzaliwa, halafu wakabakiza tano tu: zile zinazoweza kuonekana kwa urahisi bila kumzuia anayemhudumia mtoto. Dalili ambayo ungelazimika kumsimamisha mkunga ili uipime, ikaachwa.

Kila dalili ikapewa 0, 1 au 2. Basi. Si kumi, si mia. Na mbele ya kila namba pakaandikwa kinachoonekana. Nakupa kwa lugha yetu:

Mapigo ya moyo. 0: hakuna. 1: chini ya 100 kwa dakika. 2: 100 au zaidi.

Kupumua. 0: hapumui. 1: anapumua kwa kusuasua, pumzi fupi zisizo na mpangilio, au kilio dhaifu. 2: anapumua vizuri na kulia kwa nguvu.

Misuli. 0: amelegea kabisa, mkono ukiuinua unaanguka. 1: amekunja mikono na miguu kidogo. 2: anajirusha, anajikunja mwenyewe.

Kuitikia akiguswa. 0: hana habari. 1: anakunja uso. 2: anapiga chafya, anakohoa, analia au anavuta mguu.

Rangi. 0: bluu au amepauka mwili mzima. 1: mwili una rangi nzuri, ila mikono na miguu bado ni bluu. 2: rangi nzuri mwili mzima.

Ukijumlisha, wa chini kabisa anapata 0, wa juu kabisa 10. Mwaka 1962 daktari mmoja wa watoto huko Denver, Joseph Butterfield, alizipa herufi tano za jina lake kazi ya kuwakumbusha wanafunzi: A mwonekano, P mapigo, G kukunja uso, A kujitikisa, R kupumua. Ndiyo maana watu wakaja kudhani ni kifupi.

Sasa angalia kilichobadilika ukilinganisha na "kiasi". Nesi haulizwi tena mtoto anaonekanaje kwa ujumla. Anaulizwa: ni juu ya 100 au chini? Anakunja uso au anapiga chafya? Nesi wa zahanati aliyezoea watoto wazima na nesi wa rufaa aliyezoea kesi nzito, wote wakihesabu mapigo 90, wote wanaandika 1. Mizani imetolewa kichwani, imewekwa kwenye karatasi.

5. Kwa nini dakika ya kwanza?

Alikazia pia muda: sekunde 60 baada ya mtoto kutoka mzima mzima. Kwao hapo ndipo waliona mtoto aliyechoka anaonekana amechoka zaidi. Muda nao ni sehemu ya maana ya namba. Nesi mmoja akipima sekunde ya 40 na mwenzake sekunde ya 90, wanaweza kuwa wamepima sawasawa kabisa na bado wakatofautiana, kwa sababu mtoto mchanga anabadilika haraka mno. Ndiyo maana lazima saa itazamwe, si kukadiria.

Kipimo cha dakika ya tano kiliongezwa baadaye, na kikaonekana kinaeleza zaidi kuhusu uhai wa mtoto kuliko kile cha kwanza. Hivyo zile namba mbili kwenye karatasi yako ni dakika ya 1 na dakika ya 5. Ikiwa ya dakika ya 5 iko chini ya 7, tunatakiwa kuendelea kupima kila baada ya dakika 5, mpaka dakika ya 20.

Na hapa nikutahadharishe jambo dogo linaloleta vilio. Ukikuta imeandikwa 8/10, wengine wanasoma "nane kati ya kumi", wakati mwandishi alimaanisha "nane dakika ya kwanza, kumi dakika ya tano". Ukikuta 3/8, hakuna wa kukwambia ni 3 kati ya 8, lakini wapo mama wamesoma hivyo. Kama muda haukuandikwa, uliza.

6. Je, ilifanya kazi?

Namba yoyote inaweza kupendeza kwenye karatasi. Swali ni kama inasema ukweli. Katika andiko lilelile la 1953, watoto waliotimiza miezi yao waliopata 0, 1 au 2 walifariki asilimia 14 kati yao. Waliopata 3 mpaka 7, asilimia 1.1. Waliopata 8, 9 au 10, asilimia 0.13.

Unaona ngazi ilivyo? Na hiyo ni huko New York ya wakati ule, kabla ya vifaa tulivyo navyo sasa, kwa hiyo usichukue asilimia hizo ukamwekea mtoto wako. Ninachotaka uone ni kwamba namba zilizotolewa na watu tofauti, siku tofauti, zilipokusanywa pamoja zilijipanga zenyewe. Kama 3 ya kila mmoja ingekuwa na maana yake, ngazi isingeonekana. Ingekuwa vurugu tu. Na sasa Apgar akaweza kulinganisha ganzi ya mgongo na usingizi kamili kwa watoto wa upasuaji, akaona watoto wa ganzi ya mgongo wanatoka na alama za juu zaidi.

7. Tupime mtoto mmoja, manesi wawili

Twende taratibu, huu ndio moyo wa mfululizo. Huyu ni mtoto wa mfano. Amezaliwa, sekunde 60 zimefika. Manesi wawili wanampima kila mmoja kivyake. Wapewe majina: Nesi wa kushoto na Nesi wa kulia.

Mapigo: wote wanahesabu kwa sekunde 6, wanapata 11, wanazidisha kwa 10, ni 110. Wote wanaandika 2. Hapa hakuna ubishi, kwa sababu kuna mstari mmoja, 100, na namba iko upande wa juu.

Kupumua: anapumua kwa kusitasita, analia kwa kusinzia. Wote 1.

Misuli: amekunja mikono kidogo, hajirushi. Wote 1.

Kuitikia: Nesi wa kushoto anamsugua unyayo, mtoto anakunja uso. Anaandika 1. Nesi wa kulia amepitisha mrija laini puani kuvuta ute, mtoto akapiga chafya. Anaandika 2.

Rangi: Nesi wa kushoto anaona mtoto bado ana ubluu, anaandika 0. Nesi wa kulia anaona kifua kimeshapata rangi, mikono tu ndiyo bado, anaandika 1.

Jumlisha. Kushoto: 2, 1, 1, 1, 0, jumla 5. Kulia: 2, 1, 1, 2, 1, jumla 7.

Mtoto yuleyule, sekunde ileile! Na kwa desturi zetu 7 ni "yuko vizuri" na 5 ni "anahitaji kuangaliwa kwa karibu".

Lakini usikimbilie kusema kipimo hakifai. Tazama tofauti imetoka wapi. Kwenye mapigo, kupumua na misuli wamekubaliana moja kwa moja. Wametofautiana sehemu mbili tu, na kila moja ina sababu unayoweza kuishika mkononi. Ya kwanza: hawakumgusa mtoto kwa njia moja. Mrija puani unachokoza zaidi kuliko kusugua unyayo, kwa hiyo namba walizopata ni majibu ya maswali mawili. Apgar mwenyewe alikuwa akitumia huo mrija wa kuvuta ute. Ya pili: neno "bluu" halina mstari kama 100.

Wangekuwa wameandika "amelegea kiasi" na "yuko vizuri", tusingejua wamepishana wapi. Kwa kuwa kila hatua imeelezwa, tunaweza kurudi, tukakaa chini, tukasema: kuanzia leo wodi hii, kuitikia tunapima kwa njia moja, na rangi tunaangalia sehemu moja. Wiki ijayo watakaribiana. Kukubaliana kunajengwa hivyo.

Angalia pia kwamba ugomvi wote ulihusisha ile 1. Ncha mbili ni rahisi: hakuna kabisa, au ipo kamili. Katikati ndiko watu hutengana. Ukiongeza hatua, useme badala ya 0, 1, 2 tuwe na 0 mpaka 10 kwa kila dalili, umeongeza katikati nyingi, na kila katikati inadai maelezo yake. Nani ataeleza tofauti ya kilio cha 6 na kilio cha 7? Hatua tatu zinatosha kwa sababu tatu zinaelezeka.

8. Rangi: tatizo ambalo mwenyewe alilikiri

Hili linatuhusu sana sisi huku, kwa hiyo nikae nalo.

Apgar aliandika waziwazi mwaka 1953 kwamba katika dalili zake tano, rangi ndiyo iliyomridhisha kidogo kuliko zote na ndiyo iliyoleta mabishano zaidi kati ya waliopima. Utando na uchafu wa kuzaliwa hufunika ngozi. Na akataja kwamba rangi ya asili ya ngozi ya watoto weusi huifanya dalili hiyo iwe ngumu kuisoma.

Fikiria. Maelezo yanasema "pinki". Yalitungwa leba ya New York. Mtoto wetu mweusi ukimtazama mgongo unatafuta pinki, unatafuta kitu ambacho hakipo hata akiwa mzima kabisa. Neno limeandikwa, limeelezwa, lakini halimlingani mtu unayempima.

Dawa yake si kukisia. Ni kubadilisha mahali pa kuangalia. Kwa mtoto wetu tunatazama ulimi na sehemu ya ndani ya midomo. Ulimi ukiwa na ubluu, huyo amekosa hewa hata kama ngozi inaonekana sawa. Viganja na nyayo nazo zinaonyesha, ila kumbuka viganja na nyayo kuwa na ubluu dakika za mwanzo ni kawaida kwa wengi, na ndiyo maana kuna ile 1. Ndiyo maana pia 10 ya dakika ya kwanza ni adimu. Wifi akijisifu na 9 ya dakika ya kwanza, pointi iliyopungua huenda ni vidole vya miguu tu.

Na ugumu huu si wa watoto weusi peke yao. Mwaka 2007 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wahudumu video za watoto wakiwa wanapata rangi baada ya kuzaliwa, huku kifaa kikipima oksijeni. Wahudumu hawakukubaliana ni saa ngapi mtoto amekuwa pinki. Ndiyo sababu siku hizi penye kifaa cha oksijeni tunakivalisha mkono wa kulia wa mtoto na kusoma namba, badala ya kutegemea macho.

9. Mtoto ambaye maelezo hayakumfikiria

Kuna watoto wawili ambao karatasi ya 1953 inawababaisha wapimaji hadi leo.

Wa kwanza ni njiti. Mtoto wa wiki 28 misuli yake imelegea kwa sababu ya umri, wala si kwa sababu amekosa hewa. Ukimpima kwa haki anapata pointi chache, na jumla yake inakuwa ndogo hata kama yuko vizuri kwa umri wake. Kwa hiyo 6 ya njiti na 6 ya mtoto wa miezi tisa usiziweke kwenye sahani moja.

Wa pili ni mtoto anayepumulishwa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza. Kifua kinapanda na kushuka vizuri. Je, kupumua tumpe 2 kwa sababu kifua kinapanda, au 0 kwa sababu hapumui mwenyewe? Maelezo ya zamani hayasemi. Mwaka 2004 utafiti uliochapishwa Uingereza uliwauliza wahudumu jinsi wanavyompima mtoto wa namna hiyo, na majibu hayakufanana. Hapo ndipo unapoona shimo: watu wenye mafunzo, wenye nia njema, kila mmoja ameziba pengo kivyake.

Mwaka 2006 vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani vilipendekeza fomu iliyopanuliwa: pembeni ya namba unaandika mtoto alikuwa anafanyiwa nini dakika hiyo. Anapewa oksijeni? Anapumulishwa? Anakandamizwa kifua? Sasa 5 ya mtoto anayepumua mwenyewe na 5 ya mtoto anayepumulishwa hazifanani tena kwenye karatasi, kama zisivyofanana kitandani.

10. Nani ashike kalamu?

Apgar alishauri kwamba anayempima mtoto asiwe yule aliyemzalisha. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: aliyemzalisha ana moyo ndani ya matokeo. Anataka mtoto wake atoke vizuri, na bila kujua anapandisha.

Leba zetu nyingi usiku kuna mkunga mmoja. Yeye anazalisha, yeye anafunga kitovu, yeye anampima mtoto, yeye anaandika, na mara nyingi anaandika baadaye, mama ameshatulizwa. Hapo namba inatoka kwenye kumbukumbu. Ndipo unakuta daftari zima ni 8 na 10, 8 na 10, 8 na 10, kana kwamba watoto wote wametoka kiwanda kimoja. Ukiona safu kama hiyo, ujue kipimo kimekufa kimyakimya: namba zinaandikwa ila hakuna kinachopimwa.

Na kitu kimoja muhimu. Mtoto asipopumua hatumsubirishi afike dakika moja ili tumpe alama. Tunamfuta, tunamkausha, tunamchangamsha, na akikataa tunaanza kumpumulisha ndani ya dakika hiyo hiyo ya kwanza. Waliopita mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua wanaiita dakika ya dhahabu. Alama ya Apgar inaeleza mtoto alikuwaje. Haituamuru lini tuanze.

11. Sasa turudi kwenye 3 yako

Weka watoto wawili, wote wana 3 dakika ya kwanza.

Mmoja: mapigo 120, ana 2. Hapumui, 0. Amelegea, 0. Akiguswa anakunja uso, 1. Bluu, 0. Jumla 3.

Mwingine: mapigo 70, ana 1. Anavuta pumzi moja moja, 1. Amelegea, 0. Anakunja uso, 1. Bluu, 0. Jumla 3.

Huyu wa pili ndiye angenifanya nikimbie zaidi, kwa sababu moyo umeshaanza kushuka. Apgar naye aliona mapigo ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote. Wa kwanza moyo wake bado una nguvu, na mara nyingi akipumulishwa anarudi haraka. Jumla haikuonyesha tofauti hiyo. Zile namba tano ndizo zinazoonyesha. Kwa hiyo tulichohangaikia toka sehemu ya pili, kila pointi ieleweke, faida yake unaipata ukiwa na pointi zenyewe. Ukibaki na jumla peke yake, umetupa nusu ya habari.

Na sasa jibu la swali lililojaza inbox. 3 ya dakika ya kwanza inasema mtoto wako sekunde ya 60 alihitaji msaada. Haisemi atakuwaje darasa la kwanza. Madaktari wa watoto na wa uzazi wameandika bayana kwamba alama hii peke yake isitumike kutabiri akili au ulemavu wa mtoto mmoja mmoja, wala kuthibitisha kwamba alikosa hewa. 3 iliyofuatwa na 8 dakika ya tano ni mtoto aliyesaidiwa akaitikia. 3 iliyobaki 3 dakika ya tano na ya kumi ni habari nyingine, na mtoto huyo anatakiwa kufuatiliwa kliniki kwa karibu: anavyonyonya, kama alipata degedege, anavyokaza shingo na kukaa kwa wakati wake.

Ukienda kliniki na karatasi yako, uliza maswali matatu. Hizi namba ni za dakika ya ngapi? Pointi zilipungua kwenye dalili ipi? Na dakika hiyo mtoto alikuwa anasaidiwa kwa njia gani? Kama fomu ya hospitali uliyojifungulia ina zile dalili tano, majibu yapo kwenye faili, na nesi anaweza kukusomea.

Sehemu inayofuata nitazungumzia homa ya manjano ya kichanga na wakati wa kurudi hospitali. Wenye karatasi zenye namba zisizosomeka, ziandikeni kwenye komenti bila jina la mtoto wala la hospitali. Nikitoka zamu ya usiku nazipitia.